Mguu wa Borne

Gérant Darius hakuja na askari wala na makaratasi. Alikuja na fimbo yake ya ng'ombe, akagonga jiwe la kwanza, akagonga la pili, akafuata mstari mzima hivyo hivyo mpaka jiwe la mwisho, kama mtu anayesalimia watoto wake mmoja mmoja. Kisha akageuka kumtazama baba mkwe wangu.

"Papa Théo, fasi hii munaiitaka aje?"

"Ku Borne," akajibu baba mkwe.

"Ni miye nilileta jina hilo?"

"Hapana. Tulizaliwa tukalikuta."

"Aya. Na borne ni kintu gani?"

Baba mkwe akalitazama lile jiwe la mwisho. Hakuna mtu wa Masisi asiyejua borne. Ni jiwe la mpaka, lile ambalo mwenye konsesio, ardhi kubwa yenye hati, anasimamisha ili kila mtu aone ardhi yake inaishia wapi.

"Mi sijasema kintu," Darius akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Ni nyinyi mulisema. Borne ya muzungu iko huku chini, shamba lenu liko kule juu. Donc munalima ndani ya konsesio ya patron wangu. Maharagi ni yenu, sikatai. Lakini udongo, Papa Théo, udongo!"

Nilikuwa nimesimama kati ya mistari ya maharagi, mwanangu Cindy mgongoni, jembe mkononi. Shamba lile ndilo lililotulisha tangu turudi kutoka ukimbizini Bweremana. Hatukuwa na lingine. Kama yale mawe ni borne kweli, basi hatukuwa na fasi ya kusimama hapa duniani.

Niseme kwanza mawe yenyewe yalivyo. Kilima chetu kinaitwa Nyabitare. Juu kabisa ni malisho, ambayo zamani yalikuwa plantasio ya muzungu na leo ni ya tajiri mmoja wa Goma. Darius Habumugisha ndiye gérant wake, msimamizi wa malisho na ng'ombe. Katikati ni shamba letu. Chini ya shamba, kabla ardhi haijakatika ghafla kushuka mtoni, mawe yamejipanga kwenye ukingo, meusi, yamesimama wima, mengine yananifika magotini, mengine kiunoni. Yana pembe. Ukizunguka jiwe moja kwa kidole unahesabu pande sita, zimenyooka kama za mbao iliyopigwa randa. Na kwenye kila upande kuna mistari ya kulala, mmoja juu ya mwingine, kama alama za patasi. Nani angeona vile asiseme ni kazi ya fundi? Baba mkwe mwenyewe, mgeni akifika, alimpeleka pale kwa fahari. "Angalia vile bazungu walijuaka kukata mawe!" Alilisema neno hilo mbele ya mapadri, mbele ya wachuuzi wa ng'ombe, mbele ya Darius pia. Sasa neno lake lilikuwa limerudi kumkamata.

Chef Déo, mkubwa wa lokalite yetu, alisema kesi itasikilizwa Ijumaa, palepale Ku Borne, ili kila mtu aone kwa macho yake.

Jioni nilipanda pale juu ambapo mtandao unapatikana, nikampigia mume wangu. Jean-Claude yuko Mubi, kule Walikale, anabeba watu na mizigo kwa pikipiki kuelekea machimboni. Nyuma ya sauti yake nilisikia malori yanakoroma.

"Emérence, acha hiyo shamba," akasema. "Kuya huku. Huku kuna pori, kuna matope, lakini hakuna muntu anakuuliza borne."

"Na Papa?"

"Papa hatakubali."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi niko hapa. Mutoto wako ameota jino."

Akacheka, halafu mtandao ukakatika katikati ya kicheko. Nilibaki nimeshika simu kana kwamba kicheko kingine bado kiko ndani yake.

Siku iliyofuata niliteremka mtoni kuchota maji nikakuta mtu amepiga magoti chini ya ukingo, anapapasa mwamba kama daktari anayepapasa tumbo. Alikuwa na nyundo yenye ncha upande mmoja, na begi lililochafuka. Nikafikiri ni mtu wa Darius.

"We papa, unatafuta nini ku mawe ya batu?"

Akaruka, karibu aanguke mtoni. "Mungu wangu! Mama, umenitosha roho."

"Roho itarudi. Jibu."

Aliitwa Luc. Alikuwa mwanajiolojia, anafundisha Goma, na alilala parokiani kwetu kwa sababu alikuwa anachora ramani ya lava za zamani, zile zilizotoka kabla ya hizi za volkano tunazoziona zinawaka upande wa Goma. Nilimwambia hapa hakuna lava, hapa kuna borne. Akanitazama, akatazama juu ukingoni, akaanza kucheka. Alipoona sicheki, akaacha.

"Nani alikuambia ni borne?"

"Bote. Bazungu walizikata."

"Bazungu gani wangeweza kazi hii? Kuja uone."

Akanishika mkono, akanivusha juu ya mawe ya mto mpaka pale ambapo ukingo umemeguka. Nimechota maji pale tangu niolewe, na sikuwahi kuinua macho. Ule ukuta wote chini ya shamba letu ulikuwa nguzo. Nguzo zimebanana, bega kwa bega, kutoka karibu na maji mpaka kwenye mizizi ya majani juu. Nyingine zimefunikwa na kuvu na majani, lakini ukishajua kutazama, unaziona. Mawe yetu yalikuwa vichwa tu.

"Mawe hii ilikuwa uji," Luc akasema. "Uji wa moto, mwekundu, ulijaa bonde hili, muzito sana. Ukasimama. Sasa baridi inaingilia wapi?"

"Juu."

"Juu, ku hewa. Na chini, ku udongo. Inaingia polepole kwenda katikati. Na jiwe likipoa linafanya nini?"

"Linakuwa gumu."

"Linakuwa gumu, na linapunguka. Kidogo tu, jicho halioni. Lakini fikiri, mama: bonde muzima linataka kupunguka kwa mara moja. Kipande hiki kinavuta huku, kile kinavuta kule, na vyote vimeshikana. Hakuna mwenye kuachia. Itakuwa aje?"

Nilifikiria nyumba ninazozijua. "Itapasuka."

"Njo vile. Itapasuka. Sasa, kwa nini pande sita? We unajua rond-point ya Sake, pale njia zinakutana?"

"Nani haijui? Njia ya Goma, njia ya Masisi, njia ya Minova."

"Njia tatu. Jiwe likivutwa sawasawa pande zote, ufa unafunguka vile: njia tatu, zimeachana kwa nafasi sawa. Sake hapa, Sake pale, Sake kule. Ukiwa na Sake nyingi zimeunganika, kiwanja kinachobaki kati ya njia kinakuwa na pembe ngapi?"

Alichora juu ya mchanga kwa ncha ya nyundo. Nikahesabu. Sita.

"Lakini isiwe unadhani ufa unajua hesabu," akaongeza. "Pale juu ambapo ulianzia, unakuwa ovyo-ovyo, umepinda. Ukishuka ndani unajinyoosha polepole, unakaribia sita. Ingine inabaki na tano, ingine saba. Nenda uhesabu yenu."

Nikamwambia nimekwisha kuona kitu kama hicho, lakini kwenye beseni. Ule wanga wa muhogo unaotulia chini ya maji: niliwahi kuusahau kwenye beseni mpaka ukakauka kabisa, na nilipoupindua ukatoka vijiti-vijiti, vyembamba, vya pembe-pembe. Nilivisaga tu nikapika.

Luc akafurahi kama nimempa zawadi. "Ni ndugu yake kabisa! Kule maji njo yanatoka, huku joto njo linatoka. Vyote viwili vinapunguka, vyote viwili vinapasuka toka nje kwenda ndani."

"Na patasi?" nikauliza. "Hii mistari?"

Akaweka kiganja chake juu ya nguzo moja, juu ya ile mistari ya kulala. Akasema ufa haushuki mara moja kama kisu kwenye sabuni. Unaruka kidogo, unafika pale ambapo jiwe bado lina moto na ni laini, unakwama. Linapoa tena kidogo, unaruka tena. Kila mruko unaacha mstari wake. "Na angalia: ufa ni moja, lakini uko na sura mbili. Hii ya nguzo hii, na ile ya jirani yake. Kama kitenge ukikipasua: nyuzi za huku zinajibu nyuzi za kule. Fundi angekata mawe mawili mbalimbali, mistari isingejibiana."

Cindy aliamka mgongoni akaanza kulia. Nilimzungusha mbele nikamnyonyesha nimekaa juu ya jiwe, na Luc akageuka kutazama mto kwa heshima. Nikamweleza kesi yote. Alinisikiliza bila kunikata.

"Mama," akasema mwishoni, "borne iko na mguu. Muntu anaichimbia shimo, anaisimamisha, anashindilia udongo. Ukichimba unaukuta mwisho wake. Hii haina mguu. Inashuka chini ya shamba lenu mpaka kule lava iliishia. Muchimbe tu. Na Ijumaa nitakuwa hapa."

Nilipanda ule mteremko na ndoo kichwani, mtoto kifuani, na nilikuwa mwepesi. Ningeweza kubeba ndoo nyingine.

Baba mkwe hakufurahi vile nilivyotarajia. Alikaa mlangoni, anamenya kijiti. "Donc hakuna muzungu aliyezikata."

"Hapana, Papa."

"Baba yangu alisema bazungu."

"Baba yako aliona pembe, Papa. Kila muntu angesema vile."

"Nimesema uongo ku batu miaka yangu yote." Alitupa kile kijiti. "Na ule uongo njo unanifukuza."

Ijumaa mvua ilianza asubuhi na mapema. Ilikuwa ile ya Masisi, isiyopiga kelele, inayokaa tu juu ya kila kitu. Simu yangu ilipata mtandao kwa dakika kidogo, ikaingiza ujumbe wa Luc: alikuwa ameshuka Goma, na njia ilikuwa imefungwa kabla ya Sake, hakuna gari linalopita. "Muchimbe, mama. Musiogope. Haina mguu."

Watu walikuja wamejifunika mashiti ya plastiki. Chef Déo alisimama na mwavuli wenye mbavu moja iliyovunjika. Darius alikuwa na kabuti zuri na wachungaji wake wawili wa ng'ombe. Nikasema mbele ya wote kile Luc alichonieleza, lakini kwa maneno yangu nilisikia kinakuwa kidogo. Uji wa moto. Rond-point ya Sake. Watu walitazamana.

"Masomo ya jioni haya!" mchungaji mmoja akasema. "Mama anataka kutupikia mawe."

Wakacheka. Mama Dancille, jirani yangu, akamjibu bila kumtazama: "We ulikimbia masomo hata ya asubuhi. Nyamaza."

Wakacheka zaidi, na hicho kicheko kilikuwa upande wangu.

"Mi napenda maneno mafupi," Chef Déo akasema. "Mama Cindy anasema haina mguu. Gérant, we unasema aje?"

"Borne yote iko na mguu," Darius akajibu. "Muchimbe. Nakubali. Ukionekana, Papa Théo atakubali pia?"

Baba mkwe akaitika kwa kichwa. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye ukingo wa kofia yake.

Walichagua jiwe la katikati, lile kubwa. Vijana wakatoa udongo kwa zamu. Ulikuwa mweusi, mzito, unang'ang'ania jembe. Jiwe lilishuka nao, pembe zake safi, mistari yake ya kulala ikitokea mmoja baada ya mwingine kutoka kwenye tope. Shimo lilifika magotini, likafika mapajani. Nilianza kupumua.

Ndipo jembe likaingia chini ya jiwe.

Liliingia kabisa, kwa upande, kwenye mwanya. Kijana aliyekuwa shimoni akatikisa, na jiwe zima likacheza. Wakaleta mti wakalikongoa. Likalala ubavu kwenye tope, na chini lilikuwa limekatika, bapa, limevimba kidogo kama kitako cha chungu.

"Mguu njo huu!" Darius akapiga kofi. "Chef, si unaona? Mguu njo huu! Hata walilizungusha vizuri, bazungu hawa!"

Hakuna aliyecheka. Baba mkwe alikaa chini, kwenye matope, na hakuna aliyemwambia ainuke. Luc hakuniambia habari ya kukatika. Alisema inashuka mpaka mwisho wa lava. Nilitazama ule mkato na nikajisikia kama mtu aliyemleta baba mkwe wake kaburini kwa mkono wake mwenyewe.

Chef Déo akakohoa. "Basi, kwa kweli..."

"Chef, ngoja."

Nilimpa Mama Dancille mtoto, nikakunja kitenge, nikaingia shimoni. Maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Nikainama, nikatia mkono pale jiwe lilipokuwa limesimama, nikitegemea kukuta udongo. Fundi akisimamisha borne, anaisimamisha juu ya udongo.

Mkono wangu haukukuta udongo. Ulikuta jiwe, gumu, na lilikuwa limebonyea kama sahani. Nikalipapasa kuelekea ukingo. Ukingo ukapinda, pembe. Nikaendelea. Pembe nyingine.

"Munipe maji," nikasema. "Maji safi."

Wakanipitishia ndoo. Nikamwaga, nikasugua kwa kiganja, nikamwaga tena. Chini ya jiwe kulikuwa na jiwe. Lilikuwa na pande sita, pembe zake zikikaa palepale pembe za lile la juu zilipokuwa zimekaa. Kile kivimbe kiliingia kwenye kile kibonyeo kama sahani ndani ya sahani. Nguzo ilikuwa imekatika njiani, si zaidi. Pengine ilipopoa ilivuta kwa urefu wake kama ilivyovuta kwa upana wake, na hakukuwa na mwenye kuachia, ikapasuka.

"Si mguu," nikasema. "Ni kiungo, kama mufupa wa mugongo. Mushuke muone."

Chef Déo alifunga mwavuli wake akashuka. Sikuwa nimewahi kumwona chef akiingia shimoni. Akapapasa pembe moja moja, midomo yake inatembea. Kisha nikamwomba kijana akwangue udongo uliokuwa umejaza ufa kati ya nguzo ile na ya jirani. Ilikuwa kazi. Lakini zile sura mbili zilipotokea, nikachukua kidole cha chef kama ninavyochukua cha Cindy, nikakiweka juu ya mstari mmoja wa huku, nikakivusha. Kule, urefu uleule, kulikuwa na mstari. Na chini yake mwingine, na ng'ambo yake mwingine.

"Fundi gani atakata mawe mawili," nikasema, "na patasi ijikumbuke vile?"

Chef alibaki ameinama kwa muda. Mvua ilikuwa inampiga shingoni. Aliposimama alitazama lile shamba letu, lote, kutoka chini mpaka juu, kama ndiyo kwanza anaona kuna kitu chini yake.

"Hii haikuwekwa na muntu," akasema. "Gérant, hii si borne."

Mama Dancille alipiga vigelegele, na Cindy akaogopa akalia. Mtu alimwinua baba mkwe. Darius alisogea mpaka ukingo wa shimo, akatazama ndani, na sina budi kusema alitazama kweli. Aliinama akapitisha kidole kwenye mistari kama chef.

"Nakubali," akasema. "Si borne."

Akajifuta mikono kwenye kabuti.

"Sasa, Chef, borne ya patron wangu iko wapi?"

Nilidhani ni mzaha, lakini uso wake haukuwa na mzaha.

"Konsesio iko na mwisho," akaendelea. "Haiishii hapa, sawa, mama ametufundisha. Basi inaishia wapi? Papa Théo, mupaka wa juu wa shamba lenu uko na alama gani?"

"Miyenzi," baba mkwe akasema. "Kulikuwa uzio wa miti ya miyenzi. Baba yangu aliupanda."

"Uko wapi?"

Wote tulitazama juu. Kati ya mwisho wa maharagi yetu na mwanzo wa malisho hakukuwa na kitu ila majani yenye maji na ng'ombe kadhaa wamesimama ndani yake, wanatutazama.

"Tulikimbia," baba mkwe akasema. "Wakati wa vita. Tuliporudi haikuwako. Sijui batu waliikata wapikie, sijui ilichomwa."

"Kwa hiyo mupaka haujulikani."

"Mi naujua!"

"Ulijua pia kwamba bazungu walikata mawe," Darius akasema. Alisema kwa sauti ya chini, karibu kwa huruma, na ilikuwa mbaya kuliko kama angepiga kelele.

Chef Déo alifungua mwavuli wake tena. Alikuwa mtu aliyechoka, sitamsema vibaya. Alisema mawe hayamtetei tajiri tena, lakini hayatutetei na sisi. Alisema mpaka bila alama ni vita, na kilima hiki kimekwisha kula watu. Kwa hiyo, mpaka jiometra wa kadastre, mpima ardhi wa serikali, atakapopanda kutoka Goma na vyombo vyake kupima konsesio, hakuna atakayelima pale. Hakuna jembe, hakuna mbegu.

"Na ng'ombe?" Mama Dancille akauliza.

"Ng'ombe pia wasiingie."

"Ng'ombe hawakuhudhuria kesi, Chef," akasema mchungaji mmoja, na safari hii hata wenzake hawakucheka.

"Jiometra atakuja siku gani?" nikauliza.

Chef alitazama barabara kule chini, ile ambayo hata Luc hakuweza kuipita. "Vile vilivyo ndani ya udongo sasa ni vyenu," akasema. "Muvitoshe, muving'oe. Leo ao kesho. Nyuma ya hizo siku, shamba lipumzike."

Maharagi yalikuwa bado mabichi. Maganda yalikuwa yamejaa lakini hayajaanza kukauka, ya kijani, yenye nywele laini. Tuliyang'oa mvuani, mimi na Mama Dancille na wanawake wengine waliobaki bila kuombwa, na mafungu yalipokuwa yanarundikana nilijua vizuri ninachong'oa. Maharagi mabichi yanalisha nyumba wiki moja au mbili, ni matamu hata. Lakini hayatoi mbegu. Anayeyavuna mabichi anakula msimu wake na ule unaofuata kwa sufuria moja.

Baba mkwe hakung'oa. Alikuwa ameshuka shimoni, peke yake, anapapasa. Nilipomwendea kumwambia atoke, atapata homa, alikuwa ameweka kiganja juu ya mistari.

"Ku kila mustari hapa," akasema, "jiwe lilikuwa linasubiri kupoa?"

"Njo vile Luc alisema, Papa. Ufa unaruka, unasimama, unangoja."

"Na jiwe halikurudi kushikana tena."

"Hapana, Papa. Likishaachana, basi."

Alitikisa kichwa polepole. Nilifikiri atasema neno lingine la uchungu, lakini alinyoosha mkono nimvute, na alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani.

Jioni ilipoingia, wanawake walikuwa wamefika mistari ya mwisho, ile iliyo juu kabisa, pale ambapo miyenzi ilikuwa. Niliwaambia waache.

"Hii tusiing'oe."

Mama Dancille alinyoosha mgongo. "Ng'ombe wataila usiku huu huu, Mama Cindy. Si unawaona?"

Niliwaona. Walikuwa wamesogea, vichwa chini, bila haraka.

"Chef alikataza kulima," nikasema. "Kukaa hakukataza."

Nilichukua fimbo iliyokuwa imeachwa karibu na shimo, sijui ilikuwa ya nani. Nikamfunga Cindy vizuri, nikamfunika kwa plastiki ya Mama Dancille ili uso tu ubaki nje, nikaketi kwenye majani mwisho wa mstari, upande wa ng'ombe. Maganda yanahitaji jua la wiki mbili hivi, pengine tatu kwa hali hii ya hewa, kabla mbegu haijawa ngumu. Kisha baba mkwe akaja, akaketi mwisho wa pili wa mstari.

Ng'ombe wa kwanza alipofika karibu, nilisimama.